Kiambishi Kilichobaki Pumzi: Mhadhara wa Bagamoyo juu ya Fonimu na Mofimu



Pale soko la samaki la Bagamoyo, mtu akiulizia kaa hakuna anayedhani anatafuta makaa ya kupikia. Mahali penyewe pamekwisha kusema. Lakini liweke neno hilo peke yake kwenye karatasi ya mtihani, halafu swali likutake ueleze sauti zake na vipande vyake, na mambo hubadilika. Kwa maandishi, kaa atembeaye upandeupande kwenye mikoko na kaa la moto lililo jikoni ni neno moja. Kwa masikio ya mzee wa Mombasa au wa Lamu, au wa Unguja aliyelelewa na matamshi ya zamani, ni maneno mawili tangu herufi ya kwanza. Yule wa baharini huanza na k inayosindikizwa na pumzi. Lile la jikoni huanza na k kavu.

Leo nataka tuifuate pumzi hiyo moja tu. Mnajiandaa na mtihani wa utangulizi wa isimu, na najua madaftari yenu yamejaa istilahi: foni, fonimu, alofoni, mofu, mofimu, alomofu. Nimeona wanafunzi wakizikariri kama majina ya wafalme, kila moja na fasili yake, na swali likija na data wakakwama. Njia bora ya kuzielewa ni kuchukua kitu kimoja na kukichimba hadi mwisho. Pumzi ya kaa itatupitisha kwenye istilahi zote hizo, kwa sababu, kama mtakavyoona, ni sauti na wakati huohuo ni mabaki ya kiambishi.

Tuanze na sauti. Nitaiandika pumzi hiyo kwa ritifaa: k'aa wa baharini, kaa la moto. Msiichanganye na ritifaa ya ng'ombe, ambayo ina kazi nyingine. Weka kiganja mbele ya midomo kisha useme p'aa, yule mnyama wa porini, kwa matamshi ya Kimvita. Utahisi hewa ikigonga kiganja baada ya midomo kuachana, kabla irabu haijaanza. Sasa sema paa, paa la nyumba. Midomo inaachana na irabu inaanza papo hapo, hewa haipati nafasi ya kupenya peke yake. Wanaisimu huita sauti ya kwanza kipasuo chenye mpumuo, na ya pili kipasuo kisicho na mpumuo. Vipasuo vinavyohusika ni vile visivyo ghuna, yaani ambavyo nyuzi za sauti hazitetemi: p, t, k, na pamoja navyo ch.

Je, p' na p ni fonimu mbili au ni fonimu moja inayotamkwa kwa namna mbili? Kipimo ni kilekile mlichofundishwa: tafuta jozi finyu, maneno mawili yanayofanana katika kila kitu isipokuwa sauti moja, mahali palepale, na maana ziwe tofauti. P'aa na paa ni jozi finyu. K'aa na kaa ni jozi finyu. Kwa msemaji anayetofautisha, basi, mpumuo unatofautisha maana, na p' ni fonimu kamili kama ilivyo b au m.

Nimesema kwa msemaji anayetofautisha, na hapo ndipo wengi hupoteza alama. Fonimu haikai kwenye kamusi wala kwenye alfabeti. Hukaa katika mfumo wa matamshi ya watu fulani. Wasemaji wengi wa Kiswahili wa bara, na vijana wengi wa miji yetu ya pwani pia, hawana tofauti hiyo. Kwao paa na paa ni homonimu: umbo moja, maana mbili. Ukiulizwa kama mpumuo ni fonimu katika Kiswahili, jibu la ndiyo au hapana bila kutaja lahaja halijakamilika. Katika Kimvita na Kiamu ndiyo. Katika Kiswahili sanifu kinavyofundishwa shuleni, hauhesabiwi.

Maandishi nayo yamechangia kuuficha. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokubali Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, tahajia iliyofuata haikuweka alama yoyote ya mpumuo, ijapokuwa Waunguja wa wakati ule waliutamka. Aliyeuandika kwa uangalifu ni padri Mfaransa, Charles Sacleux, wa misheni ya Kikatoliki, aliyefanya kazi Unguja na hapa Bagamoyo katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, na ndani yake neno lenye mpumuo lina alama yake. Mtu akitaka kujua leo kama neno fulani lilikuwa na pumzi pwani, hapo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kabla hatujaiacha sauti, nataka muone tofauti ya sauti isiyozaa fonimu mbili, yaani alofoni, na tutautumia mfano uleule baadaye. Sema buzi, kwa maana ya mbuzi mkubwa. Shika koromeo kwa vidole viwili. Katika b ya buzi, koromeo hushuka kidogo na hewa huelekea kuvutwa ndani kabla midomo haijaachana. Sasa sema mbuzi. Koromeo limetulia, b hii ni ya kawaida, hewa inatoka tu. Ni sauti mbili tofauti, na chombo cha kupimia sauti kitakuonyesha hivyo. Lakini tafuta jozi finyu uwezavyo, hutaipata. B ya kuvuta ndani hutokea mwanzoni mwa neno na baina ya irabu. B ya kawaida hutokea baada ya nazali ya silabi ileile. Kila moja ina makazi yake na haiingii kwa mwenzake. Hizo ni alofoni mbili za fonimu moja, na ndiyo sababu mzungumzaji wa kawaida hajui kwamba anatamka b mbili mpaka umwambie ajishike koo. D, g na j hufanya vivyo hivyo.

Sasa tuulize: pumzi ya k'aa ilitoka wapi? Mbona p'aa mnyama anayo na paa la nyumba halina?

Angalieni ngeli. P'aa, k'aa, k'uku, p'embe: yote ni ya ngeli ambayo sarufi za kale ziliita ya N na vitabu vyetu vya shule huita I-ZI, bila kujali kwamba wanyama hupewa upatanisho wa viumbe hai. Paa la nyumba na kaa la moto ni LI-YA. Mgawanyo huu ni wa kushangaza. Ikiwa pumzi inachagua ngeli, basi huenda si sauti tupu. Huenda ina kazi ya kisarufi. Na kipashio kidogo kabisa chenye maana au kazi ya kisarufi ndicho tunachokiita mofimu.

Tuyapime mawazo haya kwa kivumishi, kwa kuwa kivumishi huvaa kiambishi cha nomino yake waziwazi. Chukua jiwe na nyumba. Tunasema jiwe baya, nyumba mbaya. Jiwe geni, nyumba ngeni. Jiwe dogo, nyumba ndogo. Jiwe refu, nyumba ndefu. Upande wa jiwe kivumishi kimekaa uchi, mzizi mtupu. Upande wa nyumba kimeongezwa nazali mbele. Sasa endelea: jiwe kubwa, nyumba kubwa. Hapa tahajia inatuambia hakuna tofauti. Lakini msemaji wa Kimvita hutamka jiwe kubwa kwa k kavu, na nyumba k'ubwa kwa pumzi. Vilevile chungwa tamu na ndizi t'amu. Pale ambapo baya hupata m na geni hupata ng, kubwa hupata pumzi. Mfululizo ni uleule, nafasi ni ileile, kazi ni ileile. Pumzi ni nazali iliyobadilika sura.

Ushahidi huo huo upo katika nomino. Ondoa kiambishi cha N kwenye ndege ukitaka kitu kikubwa, unapata dege. Mbuzi inakuwa buzi, ngoma inakuwa goma. Na p'embe ya mbuzi, ukitaka pembe kubwa, inakuwa pembe kwa p kavu. Kilichoondolewa hapo si herufi, maana herufi zote zimebaki. Kimeondolewa kiambishi ambacho hakikuwa na umbo jingine isipokuwa pumzi.

Hapa sasa tunaweza kufanya swali zima la mtihani, lile la aina ya "bainisha mofimu ya wingi na ueleze alomofu zake." Data ni hii: ubao, mbao, udevu, ndevu, ulimi, ndimi, uwingu, mbingu, ukuta, kuta, upande, pande, ufunguo, funguo, wimbo, nyimbo. Mwanafunzi asiyejiandaa ataandika kwamba wingi huonyeshwa na mb-, nd-, ny- na mara nyingine hauonyeshwi na chochote. Hilo si jibu, ni orodha. Twende polepole.

Kwanza ondoa kiambishi cha umoja. U- inatoka, inabaki bao, devu, limi, wingu, kuta, pande, funguo. Na katika wimbo, ambapo u imeyeyuka na kuwa w mbele ya irabu, inabaki imbo. Hayo ndiyo mashina yetu. Kisha weka mbele ya kila shina kiambishi kimoja cha kudhania, nazali isiyo na mahali maalumu pa kutamkiwa. Tuiandike N kwa herufi kubwa, ili tukumbuke kwamba ni mofimu, kitu cha kidhahania, na si sauti ya n. Tunapata N-bao, N-devu, N-limi, N-wingu, N-kuta, N-pande, N-funguo, N-imbo. Kazi iliyobaki ni kueleza namna kila moja inavyofika mdomoni.

N-bao: nazali huiga mahali pa kutamkia pa konsonanti inayoifuata. B ni ya midomo, basi N inakuwa m: mbao. D ya devu ni ya ufizi, basi N inakuwa n: ndevu. Ingekuwa g, kama katika ngoma, N ingekuwa ile nazali ya nyuma ya ng'ombe, ingawa tahajia huiandika n. Huu ndio usilimisho wa nazali, kanuni ambayo hutakosa kuiona katika karatasi yoyote ya utangulizi.

N-limi na N-wingu zina jambo la ziada. L haipendi kukaa baada ya nazali. Hukazwa ikawa d. W hukazwa ikawa b. Basi limi inakuwa dimi na wingu inakuwa bingu, kisha nazali inasilimika kama kawaida: ndimi, mbingu. R nayo hukazwa ikawa d, ndiyo maana -refu ikawa ndefu. Kumbukeni kwamba l na r ni fonimu mbili katika Kiswahili sanifu; mahali na mahari ni jozi finyu. Lakini baada ya N tofauti yao inapotea, zote huwa d. Ukipewa neno lenye nd peke yake huwezi kujua chini yake kuna d, l au r mpaka uone mzizi huo mahali pengine.

Na hapa niseme juu ya kosa ambalo husahihishwa kila mwaka. Wanafunzi wengi hukata ndefu kuwa nd-efu, na ndimi kuwa nd-imi, kwa sababu wanaona nd na nd wakadhani wamepata kiambishi. D ni mali ya mzizi. Ukataji sahihi ni n-defu na n-dimi. Linalofuata kutokana na hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana: si viambishi tu vyenye alomofu, hata mizizi inazo. -refu na -defu ni alomofu mbili za mzizi mmoja, na -limi na -dimi vilevile. Mtahini anayejua kazi yake hutafuta sentensi hiyo katika jibu lako.

N-imbo haina ugumu. Mbele ya irabu N hutokea kama ny: nyimbo. Hivyo pia nyeusi, nyekundu, nyingi. Njema, kutoka -ema, imekwenda njia yake na inabidi ikaririwe hivyo.

Tumefika kwenye kuta, pande na funguo. Mbele ya konsonanti zisizo ghuna nazali haikudumu. Katika funguo imetoweka isiache alama yoyote, kwa kuwa f si kipasuo. Hapo una haki ya kuandika alomofu kapa. Katika kuta na pande, kwa Kiswahili sanifu utaandika pia kapa, na hutakosea. Lakini kwa Kimvita umbo ni k'uta na p'ande, na alomofu ni mpumuo. Ukuta mmoja una k kavu, k'uta mbili zina pumzi. Wingi mzima umebebwa na kitu ambacho hakina hata herufi.

Mpangilio wa kanuni nao una maana hapa. Nazali lazima iipe k pumzi kwanza, ndipo itoweke: N-kuta, kisha N-k'uta, kisha k'uta. Ukigeuza, nazali ikatoweka kwanza, hakuna kitakachosababisha pumzi, na utabaki na kuta kavu isiyotamkwa na mzee yeyote wa Mombasa. Swali likisema "onyesha mpangilio wa kanuni", ndilo linalotafutwa: kanuni ipi ingekosa chakula kama nyingine ingetangulia.

Mtu anaweza kuuliza kama hatua hiyo ya katikati, nazali na pumzi pamoja, iliwahi kuwako au ni kubuni kwa wanaisimu. Lugha za jirani zinaijibu. Kiswahili husema kuku, pwani k'uku. Kiganda husema enkoko: nazali imebaki, k haikuguswa. Kikuyu husema ngũkũ: nazali imebaki na imeifanya k ya kwanza kuwa ghuna. Kichewa cha Malawi husema nkhuku: nazali ipo na pumzi ipo, hatua ya katikati yenyewe ikiwa hai. Kigogo cha Dodoma husema ng'huku: nazali na pumzi zimebaki, k ndiyo iliyokwenda. Kila lugha ilipewa kundi lilelile la sauti, na kila moja iliamua kivyake nini kibaki.

Wala hamhitaji kufika Dodoma. Nyuma ya mji huu wanakaa Wakwere. Lugha yao huandikwa na wenyewe kwa jina Ng'hwele. Tazama jina hilo kwa macho ya mhadhara huu: pale Kiswahili kilipo na kw, wao wana nazali yenye pumzi. Watu kwao ni wanhu. Mwanafunzi wa Bagamoyo ambaye bibi yake ni Mkwere ana data nyumbani ambayo mwanafunzi wa nchi nyingine huisoma vitabuni.

Hiyo wanhu inatupa tahadhari. Wasemaji wa Kimvita hutamka mt'u, kwa t yenye pumzi. Je, pumzi hiyo ni kiambishi cha N? La. Kiambishi cha mt'u ni m-, kutoka mu-, na pumzi imo ndani ya mzizi, kwa sababu mzizi wa kale wenyewe ulianza na nazali: -ntu, kama katika neno Bantu. Chanzo cha sauti ni kilekile, lakini mofimu si ileile. Kwa hiyo usiandike kamwe kwamba mpumuo katika Kiswahili ni kiambishi. Andika kwamba mpumuo ni fonimu ya lahaja fulani, iliyotokana na nazali, na kwamba mara nyingi nazali hiyo ilikuwa kiambishi cha ngeli.

Mtu makini atakuwa ameshaniwekea kikwazo. Nimesema nazali hutoweka mbele ya p, t, k na ch. Mbona tunasema nyumba mpya? Mbona tuna nchi na nta? Hesabuni silabi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno kamili la aina hizi hutaka silabi mbili angalau. Mzizi -pya una silabi moja, -chi moja, -ta moja. Nazali ikiondoka, neno litabaki silabi moja na mkazo hautakuwa na pa kukaa. Basi nazali imezuiwa kuondoka. Imefanywa silabi kamili na ndiyo inayobeba mkazo: m-pya, n-chi, n-ta. Mbwa na nge ni hivyohivyo.

Uso na nyuso nazo ni jibu jingine la tatizo hilohilo. Kwa kanuni zetu, uso ukiondoa u- inabaki so, na N-so ingeishia kuwa so tu. Kiswahili hakikukubali. Kimeiacha u ya umoja mahali pake na kuweka N mbele yake: N-uso, na kwa kuwa sasa N iko mbele ya irabu, nyuso. Uzi na nyuzi, ufa na nyufa, ni mashina ya silabi moja yote. Linganisha na ufunguo, ambako shina ni refu na u- huondoka bila shida. Mwanafunzi akiyaona haya hataziita nyuso na nyuzi "vighairi".

Sasa mtego ambao naupenda kuliko yote, kwa sababu unapima kama mtu ameelewa tofauti ya mofu na mofimu. Mtu mbaya, nyumba mbaya. Neno mbaya limeandikwa sawasawa mara mbili. Je, kiambishi m- ni mofimu moja? Piga makofi kwa kila silabi, polepole. Mtu mbaya: m, ba, ya, makofi matatu. Nyumba mbaya: mba, ya, makofi mawili. Katika la kwanza m ni silabi peke yake, kwa sababu ni mabaki ya mu-, ambayo irabu yake imedondoshwa lakini imeacha nafasi yake. U hiyo bado inaonekana katika muumini, na imeyeyuka kuwa w katika mwana. Katika la pili m ni N iliyosilimika na b, nazo mbili hutamkwa pamoja.

Usipoiamini mikono yako, badili mzizi. Weka -refu: mtu mrefu, nyumba ndefu. Weka -geni: mtu mgeni, nyumba ngeni. Ya kwanza imebaki m mbele ya kila konsonanti, haisilimiki kamwe, kwa kuwa iliwahi kutenganishwa na konsonanti hiyo kwa irabu. Ya pili inabadilika kila mara. Basi m ya mtu mbaya na m ya nyumba mbaya ni maumbo yanayofanana ya mofimu mbili tofauti. Kuna hata nomino mbili kamili zinazotengana kwa njia hii tu: mbuni, mti wa kahawa, wingi wake mibuni, silabi tatu, na mbuni, yule ndege mkubwa asiyeruka, silabi mbili. Tahajia moja, fonolojia mbili, mofolojia mbili.

Nimalizie na upande wa pili, yaani wapi pa kutokata. Mtu akishajifunza N huanza kuiona kila mahali. Nazi: je, ni n-azi? Tuko Bagamoyo, minazi imetuzunguka, na mti wake ndio unaojibu. Tunasema mnazi, minazi. Kiambishi kimekuwa m- na mi-, na n imebaki palepale. Wala hakuna -azi mahali popote katika lugha yenye maana inayohusika na tunda hili. Basi n ni ya mzizi na neno nazi halikatiki. Kipimo ni hicho daima: kipande hakiitwi mofimu mpaka ukionyeshe kikitoka au kikibadilishwa, na kilichobaki kikiishi mahali pengine.

Maneno ya kukopa yanakupima kwa namna nyingine. Barua, dawa, gundi, na sasa bajaji, yako katika ngeli ya I-ZI. Yanaanza na b, d na g, sauti ambazo N ingezipokea bila taabu, lakini hakuna asemaye mbarua wala ndawa. Kiambishi cha N hakiongezwi tena kwenye nomino mpya. Neno linaingia katika ngeli hii likiwa kama lilivyokuja, na ngeli yake unaijua kwa upatanisho tu. Kwenye kivumishi na idadi, N ingali kazini kila siku. Sikiliza fundi wa hapa mjini akisema ana bajaji mbovu mbili. Bajaji ni mofimu moja, na ukitaka kuonyesha ngeli yake utaandika kapa mbele. Mbovu ni mofimu mbili, N na -bovu, ambayo mzizi wake utauona uchi katika gari bovu. Na mbili ni mofimu mbili vilevile: N, na -wili ambayo w yake imekazwa ikawa b, kama katika mbingu.